Muhtasari Ukigoma Kuwa Slaidi: Dalili na Chanzo Chake

Nina saiba ndogo orofani, katikati ya jiji la Nairobi, na kazi inayoniletea wateja wengi baada ya kuprinti ni slaidi. Mtu hupanda ngazi na fleshi mkononi, au ameshanitumia faili kwa simu, kisha aniambie, "Nigeuzie hii iwe pawapointi, nina mkutano kesho." Nikifungua nakuta muhtasari: kichwa, chini yake vitone, ndani ya vitone vitone vingine, na ndani ya hivyo vingine tena. Kwenye karatasi unasomeka vizuri. Ukishaingizwa kwenye slaidi, vurugu.

Vurugu yenyewe ina sura chache tu, na kila sura ina chanzo chake. Nitazipitia kwa kutumia kazi moja niliyoifanya mvua zilipokaribia. Mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji wa ploti huko Eastlands, alitaka kuwaonyesha wenzake kwamba wanaweza kuvuna maji ya mvua badala ya kungoja bouza. Muhtasari wake ulikuwa hivi, na nimeuacha alivyouandika:

```
Uvunaji wa maji ya mvua
	Mvua ya Nairobi
		Misimu miwili
			Machi hadi Mei
			Oktoba hadi Desemba
		Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1
	Hali ya paa letu na kiasi cha maji
		Mita 10 kwa 12
		Mabati, mfereji wa nyuma umepasuka
		Hasara tuweke asilimia 20
		Mvua ya milimita 25
			Lita 2,400
			Jerikeni 120
			Kaya 12, kila moja jerikeni 10
	Uchaguzi wa tangi
		Lita 5,000
			Linajaa kwa milimita 52
			Linaingia kando ya ngazi
		Lita 10,000
			Linajaa kwa milimita 104
			Lahitaji msingi wa zege
	Usafi wa maji
		Mvua ya kwanza imwagwe
		Chujio mdomoni mwa tangi
		Yasinywewe bila kuchemshwa
	Mchango na usimamizi
		Kila kaya ichange mara moja
		Ufunguo wa bomba kwa watu wawili
```

Hesabu zake niliziangalia kwanza, maana slaidi nzuri yenye hesabu mbovu ni aibu iliyokuzwa ukutani. Paa la mita 10 kwa 12 ni mita 120 za mraba. Kila milimita ya mvua huangusha lita 120 juu yake. Ukitoa asilimia 20 zinabaki lita 96. Zidisha kwa milimita 25 upate lita 2,400, ambazo ni jerikeni 120 za lita 20. Mama alikuwa sawa.

Dalili: yote yamejazana kwenye slaidi moja, herufi kama za maelezo ya dawa

Faili la maandishi matupu huingizwa kwenye PowerPoint kwa `Home > New Slide > Slides from Outline`. Programu haisomi maana ya unachosema. Inasoma ujongezaji tu: mstari unaoanzia ukingoni unakuwa kichwa cha slaidi mpya, mstari wenye `Tab` moja mbele yake unakuwa kitone, wenye mbili unakuwa kitone cha ndani, na kuendelea.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu programu, hesabu mistari iliyoko ukingoni. Idadi hiyo ndiyo idadi ya slaidi utakazopata. Muhtasari wa mama una mstari mmoja tu ukingoni, "Uvunaji wa maji ya mvua", nao ni jina la mada nzima. Slaidi ikatoka moja, na mistari mingine yote ishirini na ushee ikajisukuma ndani yake.

Tiba ni kuondoa ule mstari wa jina, kisha kuvuta kila kilichobaki kushoto kwa `Tab` moja. Jina la mada utaliandika mwenyewe kwenye slaidi ya ufunguzi. Ukiingiza upya utapata slaidi tano: Mvua, Paa, Tangi, Usafi, Mchango. Hazijawa nzuri, lakini sasa tuna kitu cha kukata.

Kuna njia ya mkato ambayo wateja hujaribu wenyewe kabla ya kuja kwangu. Maandishi yakizidi nafasi, PowerPoint huyapunguza ukubwa, na pembeni ya kisanduku hutokea kitufe kidogo cha `AutoFit Options`. Ndani yake kuna `Split Text Between Two Slides`. Kinafanya kama kinavyosema, ila hakijui wazo linaishia wapi. Kwenye slaidi ya tangi kinaweza kuacha lita 5,000 upande huu na lita 10,000 upande wa pili, na vitu hivyo vilikuwa hapo ili vilinganishwe. Mimi hukitumia kwa jambo moja tu: kikijitokeza, najua slaidi hiyo ina zaidi ya wazo moja. Nakichukulia kama taa ya dashibodi. Haikutengenezei gari, inakwambia usimame.

Dalili: kila mstari umekuwa slaidi yake, slaidi ishirini na tano zenye vichwa vitupu

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwa faili za Word. Mtu ametumia kile kitufe cha vitone, akasogeza ndani kwa `Tab`, na machoni ngazi zinaonekana kabisa. Lakini kwenye Word, ngazi ambazo PowerPoint huzitambua ni mitindo: `Heading 1` huwa kichwa cha slaidi, `Heading 2` kitone, `Heading 3` kitone cha ndani. Kitone cha kawaida ni pambo tu machoni pake. Faili lisipokuwa na mtindo wowote wa namna hiyo, kila aya huchukuliwa kuwa kichwa.

Utajuaje ndicho chanzo? Weka kishale kwenye mstari wowote ndani ya Word, uangalie kwenye `Styles` umeangaza mtindo gani. Ukiona `Normal` au `List Paragraph`, basi ndiyo hiyo. Chagua mistari ya ngazi ya kwanza ubonyeze `Ctrl+Alt+1`, ya pili `Ctrl+Alt+2`, ya tatu `Ctrl+Alt+3`. Hifadhi, funga faili, ndipo uliingize.

Kwa maandishi matupu chanzo kinachofanana na hicho ni nafasi. Mtu aliyesogeza mstari kwa kubonyeza kibao cha nafasi mara nne anaona umejongea, lakini hakuna `Tab` pale. Muhtasari uliopitia kwenye ujumbe wa simu mara nyingi hufika umepoteza `Tab` zake njiani. Sogeza kishale kwa mshale wa kulia mwanzoni mwa mstari: kikiruka mara moja hadi kwenye neno ni `Tab`, kikitembea hatua kwa hatua ni nafasi.

Na kuna nusu ya tatizo hili inayouma zaidi kwa sababu haionekani. Kama umeweka `Heading` kwenye baadhi ya mistari na kuacha mingine `Normal`, ile ya `Normal` haitaingia kabisa. Hakuna onyo. Mwanafunzi mmoja alifika kwenye utetezi wa tasnifu yake bila aya ya matokeo, kwa sababu hiyo tu. Tangu siku hiyo, nikishaingiza faili la mtu, nahesabu mistari ya Word na mistari ya slaidi, hata kama foleni ya kuprinti imefika mlangoni.

Dalili: slaidi ina vitone vitatu tu, lakini wasikilizaji wanauliza "kwani tuko wapi?"

Hapa ufundi wa programu unaishia, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Slaidi ya "Paa" baada ya kuingizwa haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa na vitone vinne na wajukuu watatu. Ila soma tena uone: vipimo vya paa, mfereji uliopasuka, asilimia ya hasara, na maji ya milimita 25, mvua ya usiku mmoja. Hayo si wazo moja. Yameshikwa pamoja na neno "paa" tu, kama abiria wa matatu moja wanaokwenda kila mtu kwake.

Njia ninayotumia kupambanua ni kuweka neno la kiungo kati ya mstari wa juu na wa chini yake, kisha kusoma kwa sauti. Kiungo kikiwa "kwa sababu", "yaani" au "kwa mfano" na sentensi ikakubali, wa chini ni shahidi wa wa juu, na wanakaa slaidi moja. Kiungo pekee kinachokubali kikiwa "na pia" au "halafu tena", wa chini ana habari yake mwenyewe, na anastahili slaidi yake.

Tujaribu. "Mvua ya milimita 25, yaani lita 2,400, yaani jerikeni 120, yaani jerikeni 10 kwa kila kaya." Inapita. Wale wajukuu watatu ni kitu kimoja kinachosemwa kwa vipimo vitatu, kila kimoja kikimsogelea mpangaji karibu zaidi. Wabaki pamoja. Sasa: "Paa ni mita 10 kwa 12, na pia mfereji wa nyuma umepasuka." Kiungo ni "na pia", hakuna kingine kinachoingia. Mfereji utoke.

Na mfereji huo ulinifundisha jambo. Kwenye muhtasari ulikuwa ngazi ya tatu, umebanwa mstari mmoja na neno "mabati". Nilipomuuliza mama ni nini hasa anataka watu wafanye wakitoka mkutanoni, jibu la kwanza lilikuwa, "Kijana wangu, ule mfereji uzibwe kabla mvua haijaanza." Jambo kubwa kuliko yote kwake lilikuwa limezama chini kabisa. Muhtasari hupanga vitu kwa jamaa zao, kwamba mfereji ni sehemu ya paa, na paa ni sehemu ya uvunaji. Haupangi kwa uzito. Ukikata slaidi kwa kufuata ngazi peke yake, utampa "Mvua ya Nairobi" slaidi nzima na mfereji utabaki nusu mstari. Kwa hiyo kabla ya kukata napita kwenye mistari ya ndani kabisa nikitafuta vitenzi vya kuagiza: izibwe, ichangwe, imwagwe, isinywewe. Penye agizo pana slaidi, hata iwe ngazi ya nne.

"Hasara tuweke asilimia 20" na "Mita 10 kwa 12" zilikwenda pamoja na kile kitone cha milimita na lita kilichokuwa chini ya "Mvua ya Nairobi". Zote tatu ni vipande vya hesabu moja. Muhtasari ulikuwa umezitenganisha kwa sababu moja ni ya mvua na nyingine ni za paa, lakini mtu anayesikiliza anazihitaji kwa pamoja ili aone lita 96 zimetoka wapi. Kukata slaidi si kupasua tu. Mara nyingine ni kuwakutanisha waliotenganishwa.

Ukishaamua, kukata kwenyewe ni dakika mbili. Fungua `View > Outline View`, weka kishale kwenye kitone unachotaka kiwe slaidi, bonyeza `Shift+Tab`. Kitapanda kuwa kichwa cha slaidi mpya. Mtego uko hapa: vitone vyote vilivyokuwa chini yake, pamoja na ndugu zake ambao hukuwakusudia, vitahamia kwenye slaidi hiyo mpya. Ukimpandisha "Mabati, mfereji", basi "Hasara" na "Mvua ya milimita 25" vinamfuata. Wengi hudhani wamekosea na kurudisha. Hujakosea. Kwanza sogeza kitone kiwe cha mwisho kwenye slaidi yake, kisha ndipo ukipandishe. Au mpandishe na ndugu anayefuata, naye atachukua walio chini yake. Ukimaliza angalia wajukuu kama wamebaki ndani kuliko inavyotakiwa, uwavute kwa `Shift+Tab` vilevile.

Wanaotumia LibreOffice wana `Slide > Expand Slide` kwenye Impress, inayogeuza kila kitone cha ngazi ya kwanza kuwa slaidi kwa mkupuo mmoja na kupandisha watoto wake ngazi moja. Ni tamu pale ambapo vitone vyote vya slaidi vinastahili kutoka. Rudufu slaidi kwanza kwa `Duplicate Slide`, maana utataka kuona ilikuwaje kabla.

Dalili: kichwa kinachukua mistari miwili, au ni kifupi lakini hakisemi kitu

Haya huonekana kama matatizo mawili. Chanzo chake ni kimoja: kichwa kimeandikwa kwa jina badala ya kitenzi.

Kiswahili cha ofisini kina ugonjwa wa "wa-wa-ya". Nimewahi kupewa kichwa hiki, nacho hakikuwa kirefu kuliko vingine: "Umuhimu wa uvunaji wa maji ya mvua kwa wapangaji wa ploti yetu". Maneno kumi na mawili, na matano kati yake ni viunganishi tu. Kila "wa" na "ya" ni kiungo cha mnyororo, na mnyororo unakua kwa sababu hakuna kitenzi cha kubeba mzigo. Ukiwa na kichwa kama hicho, hesabu viunganishi. Vikizidi viwili, tafuta kitenzi kilichofichwa ndani ya jina. "Uvunaji" ndani yake kuna "vuna". Nani avune? Sisi. Ni ombi? Ndiyo. "Tuvune mvua." Maneno mawili, na anayesoma amejua nani, nini, na kwamba anaombwa kufanya.

Hiyo ndiyo bahati yetu. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtenda, wakati na nia ndani ya neno moja, kwa hiyo kichwa chenye sentensi kamili kinaweza kuwa kifupi kuliko kichwa cha jina. "Usimamizi wa ufunguo wa bomba" ni maneno matano na hakuna kilichoamuliwa. "Ufunguo ushikwe na wawili" ni manne, na uamuzi uko ndani.

Bahati hiyo ina ncha ya pili. Kwa vile kitenzi kina kiambishi cha mtenda, tunazoea kumwacha mtenda mwenyewe. "Linajaa kwa milimita 52." Kwenye muhtasari inaeleweka, kwa sababu mstari wa juu yake umetaja tangi. Kwenye slaidi, mstari wa juu umebaki slaidi iliyopita. Mpangaji aliyechelewa kwa sababu ya jam ya Jogoo Road anaingia, anasoma "Linajaa", anabaki akijiuliza ni daftari au ni tangi. Rudisha mtenda kwenye kichwa: "Tangi linajaa kwa milimita 52". Ndani ya vitone unaweza kumwacha, kwenye kichwa hapana.

Kuhusu urefu, msihesabu maneno kwa kufuata mashauri ya lugha nyingine. Maneno yetu ni marefu. "Hatutawasubirisha" ni neno moja tu. Hesabu herufi. Kwenye slaidi pana, kwa herufi za ukubwa 44 ambazo PowerPoint hukupa yenyewe, mstari mmoja hubeba herufi kati ya 35 na 40 hivi, pamoja na nafasi. Kichwa kikimwagika mstari wa pili, usipunguze ukubwa wa herufi. Kitu kimoja ndani yake hakihitajiki, na mara nyingi ni neno ambalo vitone vilivyo chini vitalisema tena.

Kichwa kifupi kisichosema kitu ni kile cha neno moja: "Usafi", "Tangi", "Mchango". Hicho ni kibandiko cha faili. Jaribio lake ni hili: funika vitone vyote kwa mkono, umsomee mtu kichwa, umuulize, "Unakubali au unakataa?" Huwezi kukubali "Usafi". "Ya kunywa yachemshwe" unaweza kuikubali, na jirani yako anaweza kuikataa, na mkutano ukaanza.

Na kichwa kikigoma kuandikika bila "na", rudi nyuma. Tatizo si kichwa. "Mchango na usimamizi" hakuna namna ya kukifupisha kikawa sentensi moja, kwa sababu ni slaidi mbili zilizovaa koti moja.

Dalili: umekata vizuri, sasa slaidi ni nyingi na kila moja ni yatima

Huyu ni mgonjwa wa dawa nyingi. Amesikia "wazo moja kwa slaidi", akakata hadi majani. Machi hadi Mei slaidi moja, Oktoba hadi Desemba nyingine. Kila kitu ni kikubwa na kinasomeka, na hakuna anayejua kinahusiana vipi na kingine.

Chanzo ni kukata kitu ambacho maana yake iko kwenye uhusiano. Matangi mawili ni mfano mzuri. Ukiweka lita 5,000 slaidi yake na lita 10,000 slaidi yake, umefuta sababu ya kuwataja wote wawili. Wazo hapo halikuwa tangi lolote kati ya hayo. Wazo lilikuwa chaguo. Kwa hiyo ilibaki slaidi moja yenye safu mbili, na kichwa kikatoa hukumu: "Tangi la 5,000 latutosha". Sababu inaonekana papo hapo: linajaa kwa milimita 52 badala ya 104, na linaingia kando ya ngazi. Ulinganisho, hatua zinazofuatana, na hesabu yenye mistari mitatu, vyote ni wazo moja hata vikiwa na vitone vinne.

Usafi ulinisumbua zaidi. Vitone vitatu, vyote maagizo, na kwa kanuni yangu ya maagizo vilistahili slaidi tatu. Nilipouliza nani anafanya kila kimoja, vikajigawa vyenyewe: kumwaga mvua ya kwanza na kufunga chujio ni kazi ya kamati, pale juu tangini. Kuchemsha ni kazi ya kila mpangaji jikoni kwake. Slaidi mbili. Siwezi kusema ni sheria, lakini kwa kazi za kamati na chama, swali la "nani" limenikatia slaidi nyingi kuliko swali la "nini".

Kupima kama uzi upo, rudi `Outline View` na ukunje slaidi zote ubaki na vichwa peke yake. Visome kuanzia juu hadi chini bila kupumzika. Vya mama vilitoka hivi:

```
Mvua hutujia mara mbili kwa mwaka
Milimita moja hutupa lita 96
Usiku mmoja, jerikeni 120
Mfereji wa nyuma uzibwe sasa
Tangi la 5,000 latutosha
Mvua ya kwanza isiingie tangini
Ya kunywa yachemshwe
Kila kaya ichange mara moja
Ufunguo ushikwe na wawili
```

Slaidi tisa. Mtu akivisoma tu hivyo amepata hoja yote. Kile cha tatu hakina kitenzi, na nilimwachia kwa makusudi. Alitaka anyamaze kidogo baada ya kukisoma, na kitenzi kingemharakisha.

Miezi ya misimu, vipimo vya paa na ile asilimia 20 havikupotea. Vipimo na asilimia vilikaa kama vitone chini ya lita 96. Maelezo yake marefu, kama kwa nini hasara ni 20 na si 10, yalikwenda kwenye `Notes` chini ya slaidi, mahali ambapo yeye anayaona na ukuta hauyaonyeshi. Ngazi ya nne ya muhtasari wowote, isipokuwa ina agizo, au ulinganisho au hesabu inayobeba wazo, mimi huipeleka huko moja kwa moja bila kufikiri sana.

Dalili: slaidi ni safi kabisa, ila aliyetumiwa haelewi

Mama alirudi siku tatu baadaye. Mkutano ulikwenda vizuri, mfereji unazibwa. Lakini mwenye ploti hakuhudhuria, anaishi mbali, na alitumiwa slaidi kwa simu. Alijibu kwa swali moja: lita 96 zimetoka wapi?

Slaidi za wazo moja zinahitaji mtu wa kusimama kando yake. Ukimtumia msomaji aliye peke yake, umempa vichwa bila sauti. Kuna wanaoprinti kwa `Notes Pages` ili maelezo yatoke chini ya kila slaidi, na kwa slaidi tisa hiyo ni karatasi tisa. Nilikuwa nimeshaanza kuiandaa hivyo aliponizuia.

"Hapana, yeye anasoma. Niprintie ile yangu ya kwanza, ile ya vitone vingi."

Nikaitafuta kwenye fleshi yake. Ukurasa mmoja, ukaingia wote.